Pilipili ya kiroba kipi? Tangazo la kuondoa bidhaa sokoni linapofika jikoni

Khamis: Karibuni wasikilizaji. Leo niko na Bi Asha, tunazungumzia achari. Bi Asha, ikitangazwa pilipili ya unga ya bechi fulani iondoshwe sokoni, mtengenezaji wa achari aanzie wapi?

Bi Asha: Aanzie kwenye kiroba, Khamis. Namba ya bechi imepigwa pale. Shida ni kuwa wengi wetu tukirudi sokoni Darajani tunamimina pilipili kwenye ndoo, kiroba tunakitupa. Namba imekwenda jaani.

Khamis: Na ndoo yenyewe bado ina pilipili ya zamani.

Bi Asha: Hapo ndipo panapouma. Ukishamimina juu ya ya zamani, huwezi tena kuzitenga. Kila sufuria uliyopika tangu siku ile imo, na kiroba kinachofuata nacho kimo ikiwa hukuimaliza ndoo na kuiosha. Mimi nasema kata lebo, ibandike kwenye daftari pamoja na risiti, na kila ukipika andika umetumia kiroba kipi.

Khamis: Tupe mfano basi.

Bi Asha: Kiroba cha kilo 10. Kila sufuria inakula nusu kilo na kutoa chupa 30. Daftari linasema umepika sufuria 14, kwa hiyo zimetumika kilo 7, na chupa ni 420. Ndani kwako zipo 110. Zilizobaki, 310, lazima uzione kwenye orodha ya maduka uliyoyauzia.

Khamis: Nikizipata zote nimemaliza?

Bi Asha: Bado, pima na kiroba. Zinatakiwa zibaki kilo 3. Ukikuta kilo 2 na robo, robo tatu imekwenda wapi? Pengine kuna sufuria haikuandikwa, au umemgaia jirani, au umetilia kwenye bizari ya pilau. Hiyo bizari nayo itafutwe.

Khamis: Kuna atakayesema, nitaichemsha tena.

Bi Asha: Hasha! Mwaka 2005 Uingereza ilipatikana rangi ya Sudan 1 kwenye pilipili ya unga. Ile ni rangi ya viwandani, hairuhusiwi kwenye chakula. Pilipili ile ilitiwa kwenye sosi, sosi ikaingia kwenye vyakula vyengine, na zaidi ya bidhaa 400 zikaondoshwa madukani. Moto wa jikoni hauiondoi rangi ile.

Khamis: Sasa chupa zikirudi?

Bi Asha: Ziweke mbali na nyengine, uandike "isiuzwe", uzihesabu kwa kila duka. Usizimwage wala usimrudishie muuzaji mpaka uongee na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, maana huenda wakataka sampuli. Na ukipiga simu dukani usiseme "angalia achari yangu". Taja tarehe iliyo kwenye chupa, na umuulize ameshauza ngapi.

Khamis: Na asiyeandika tarehe kwenye chupa?

Bi Asha: Huyo azirudishe zote, hata zilizo salama.