Barua ya binti kwa mama yake: kabla ya kufoka, hesabu wiki

(Mazungumzo na wazazi kwenye mkutano wa kata, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Mbukwenyi wazazi wangu! Asanteni. Kaeni, nyie wa nyuma sogeeni kivulini maana nitaongea kidogo kwa urefu.

Mnanijua, mimi ni mkunga, na wengi hapa mmeshanisikia kwenye jambo hili mpaka mmechoka. Leo sileti hotuba ya mimba za utotoni, hiyo mmeshaisikia kanisani, msikitini na kwa mtendaji. Leo nimekuja na barua moja tu. Mama aliyeandikiwa ameniruhusu niisome na binti mwenyewe ameniruhusu, majina nimeyatoa, na kijiji sikitaji, kwa hiyo msianze kuangaliana. Binti wakati huo alikuwa na miaka 16, form three. Barua aliiweka ndani ya sufuria la ugali, tarehe 5 Julai, akaenda kuchota maji. Sikilizeni.

“Mama shikamoo. Nimeshindwa kukuambia kwa mdomo ndo maana naandika. Siku zangu mara ya mwisho niliziona siku ya Muungano, tulikuwa kwa bibi tunabangua karanga. Toka hapo sijaziona. Asubuhi nikisikia harufu ya mafuta natapika. Kuna rafiki yangu amenielekeza kwa mama mmoja anauza dawa ya kunywa lakini naogopa kufa. Mama najua utakasirika. Nipige lakini usinifukuze. Usimwambie baba kwanza na usiniulize ni nani mbele ya watu. Naomba unipeleke hospitali wewe mwenyewe. Bado nataka kufanya mtihani wa form four.”

Basi, imeisha. Ukurasa mmoja wa daftari.

Sasa huyu mama alisoma nini? Ameniambia mwenyewe, alisoma neno moja tu, aibu, na hilo neno halimo kabisa kwenye barua. Akaikunja akaifunga kwenye kitenge, akakaa kimya. Hakumpiga, hakumfukuza, ila hakumsemesha. Julai ikapita. Alivyorudi toka Nane Nane pale Nzuguni alikokuwa anauza alizeti ndo akamwambia vaa twende. Yaani toka tarehe 5 Julai mpaka tarehe 8 Agosti ni kimya tu ndani ya nyumba, na mtoto anakula chakula anaenda kulala.

Mimi naomba tuisome ile barua upya, tuisome kama mkunga anavyoisoma, maana yule mtoto kaandika kila kitu tunachohitaji. Kaanza na siku ya Muungano. Hiyo ni tarehe 26 Aprili. Mimi kliniki huwa nahangaika na watu wazima wenye watoto wanne hawajui siku zao zilikuja lini, huyu wa miaka 16 kanipa tarehe. Tuhesabu wote. Wiki za mimba zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu ya mwisho, hazihesabiwi toka siku aliyokutana na mwanaume, kwa hiyo hata mtoto akikataa kusema hiyo siku ya pili wewe usimkamue, haihitajiki kwenye hesabu. Toka 26 Aprili mpaka 5 Julai ni siku 70, wiki 10 kamili. Tarehe ya kujifungua, chukua 26 Aprili ongeza miezi tisa unapata 26 Januari, ongeza siku saba, unapata tarehe 2 Februari. Sio lazima azae siku hiyo hiyo, wiki mbili kabla au baada ni kawaida, lakini sasa una kitu cha kupangia.

Kwa nini nakazania wiki? Kwa sababu kliniki ya kwanza tunaitaka kabla ya wiki 12. Huyu mama alikuwa na siku 14 mkononi, mpaka tarehe 19 Julai. Alipokuja ilikuwa wiki ya 15 inakaribia kuisha. Mtasema wiki tano ni nini, wenzake wanakuja na miezi sita. Ngoja niwaambie zile wiki tano zilifanya nini.

Tulimpima damu akawa na upungufu. Ile siku ya kwanza tunapima wingi wa damu, presha, mkojo, Ukimwi na kaswende, na vyote hivyo vina dawa au mpango ukigundulika mapema, kaswende kwa mfano ni sindano tu lakini ukichelewa inaweza kumuua mtoto tumboni. Sasa huyu wingi wa damu ulitakiwa uwe 11 kwenda juu, alikuwa na 8 na kitu. Mtoto anayekua mwenyewe bado, halafu anatapika, halafu hali vizuri kwa sababu mama haongei naye na mezani kila mtu kanuna, damu itatoka wapi? Tukampa vile vidonge vya kuongeza damu, fefo, kimoja kila siku. Nikamwambia mama asimpe na chai. Nyie mnajua sisi chai ya rangi na kiporo ndo asubuhi yetu, lakini chai inazuia ile madini ya chuma isiingie mwilini, ameze na maji, chai aje anywe baadaye. Na mlenda, maharage, dagaa, mpeni.

Damu kidogo haionekani kwa macho siku ya kawaida. Inaonekana siku ya kuzaa, pale anapotoka damu ambayo mwanamke mwenye akiba angeivumilia, yeye akazimia. Ndo maana nataka miezi ya kujenga hiyo akiba, na kila wiki ya kununa unaitoa kwenye hiyo miezi.

Kuna baba kule nimemwona anatikisa kichwa. Najua swali lako mzee, kila mkutano linakuja: kwa hiyo nesi unataka tuwashangilie, na wadogo zao waige? Hapana mzee wangu. Sijasema umpe zawadi. Kasirika, lia, nenda kwa mama yako ukalalamike. Hakuna mdogo anayeona dada yake anatapika alfajiri, anaacha shule na wenzake wanapita na mabegi, akasema na mimi nataka. Anachojifunza mdogo mtu ukimfukuza dada yake ni kwamba siku na yeye akipata shida nyumbani sio mahali pa kusema. Ataenda kwa yule mama wa dawa.

Na tuongee kuhusu yule mama wa dawa maana yumo kwenye barua. “Naogopa kufa.” Huo mstari ulitakiwa umnyanyue mama pale pale jikoni. Mtoto anakwambia nina njia nyingine na bado sijaenda, nakusubiri wewe kwanza. Wanaokuja kwetu usiku wamekunywa mizizi au wameingiziwa kitu, wanakuja na homa, uchafu unanuka, damu nyingi, na wengi wao nyumbani walikuwa hawajasema. Na kama wa kwako kashakunywa usianze kesi, mlete. Mimba ikiharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, hospitali inahudumia, cha kwanza ni kuokoa maisha.

Sasa lile la baba. Mama zangu, tusidanganyane hapa. Hasira nyingi ya mama ni woga. Anajua baba akisikia atasema mtoto wako, umemlea wewe, na kuna waliopigwa wao na binti usiku mmoja. Binti naye analijua hilo ndo maana kaandika usimwambie baba kwanza. Hajasema milele, kasema kwanza. Huyu mama alivyopata nguvu alipita kwa mjomba wa mtoto, kaka yake, mtu mzima ambaye baba anamheshimu, mjomba ndo akaja kuongea jioni na mama akiwa hayuko peke yake. Baba alinyamaza siku kadhaa, baadae akauza mbuzi wa nauli na vifaa vya kuzalia. Sio kila baba yuko hivyo, kama wa kwako unamjua ana mkono mwepesi muhamishe mtoto kwa bibi kabla hujamwambia.

Na ile “usiniulize ni nani mbele ya watu”. Muulize, lakini wewe na yeye, shambani au njiani. Saa ingine hataki kusema kwa sababu ni mtu wa humo humo ndani, au mwalimu, au ndugu wa baba. Ukimuweka katikati ya kikao cha ukoo atataja bodaboda yeyote ili yaishe.

“Unipeleke hospitali wewe mwenyewe.” Hii nayo sio kudeka. Binti akija kliniki peke yake anaulizwa mwenza yuko wapi, kama hana anaambiwa alete barua ya mwenyekiti. Mtoto wa miaka 16 aende kwa mwenyekiti kuomba barua ya mimba! Anarudi nyumbani, harudi tena, sisi tunaandika mtoro. Ukija naye wewe mzazi hiyo habari inaisha mlangoni. Na mimba ya kwanza kwa umri huo hatupangi azalie zahanati, nyonga bado inakua, mtoto anaweza kukwama, na uchungu wa kukwama ukikaa muda mrefu ndo fistula hiyo, mkojo unatoka wenyewe. Aende penye upasuaji, kituo kikubwa au hospitali, na wiki za mwisho asogee karibu. Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, damu inatoka, hapo usisubiri asubuhi. Kifafa cha mimba kinawapenda hawa wa mimba ya kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, haya nakimbia.

Sheria: aliyempa mwanafunzi mimba, sheria ya elimu toka marekebisho ya 2016 inasema jela miaka 30. Msiuze kesi kwa ng'ombe wawili. Dawati la jinsia polisi lipo, na simu 116 ni bure.

Shule. “Bado nataka kufanya mtihani wa form four.” Bado nakutana na wazazi wanaosema serikali imekataza. Ilikuwa zamani. Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Ndalichako, alitangaza warudi, na upo Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo. Ila una kikomo, arudi ndani ya miaka miwili toka alipoacha. Huyu wetu aliacha Septemba, alijifungua Februari, kwa upasuaji, wote wazima. Januari iliyofuata mtoto alikuwa na miezi 11 anakula uji, bibi anabaki naye, yeye akarudi form three. Mama yake alikwenda shuleni mapema, Novemba, na barua mkononi, akaongea na mkuu wa shule kabla nafasi hazijajaa. Hakusubiri shule imfuate. Kuna na njia ya elimu ya watu wazima, lakini hilo tutalimalizia mwezi ujao.

Wenye maswali ya faragha nipo pale chini ya mbuyu mpaka saa kumi, mje na binti au mje peke yenu. Na kama unajua tarehe ya siku zake za mwisho, njoo nayo.