Paja Linapowaka: Jinsi Misuli Inavyojipatia Oksijeni Zaidi

Makocha, wauguzi na wanafunzi mliofika, habari za jioni. Leo nataka tukae na swali moja tu. Mkimbiaji anapanda mwinuko kule Karura, mapaja yanawaka. Damu iliyofika pajani imetoka kwenye moyo uleule unaolisha vidole vyake vya mkono. Mbona paja linaivuna oksijeni ya damu hiyo karibu yote, na kidole kinachukua kidogo tu?

Nusu ya jibu mnaijua. Misuli inatumia oksijeni, shinikizo la oksijeni linashuka pale, na hemoglobini inaiachilia. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta: hata shinikizo hilo likiwa sawa, hemoglobini iliyo ndani ya misuli inayochapa kazi huiachilia oksijeni kwa wepesi zaidi. Mwaka 1904, kule Kopenhageni, Christian Bohr pamoja na Hasselbalch na Krogh walionyesha kwamba kaboni dioksaidi huleta badiliko hilo.

Tuitazame hemoglobini kwa karibu. Ina minyororo minne ya protini, na huishi katika maumbo mawili: moja hupenda oksijeni, jingine huikataa. Misuli ikifanya kazi kwa nguvu hutoa asidi, yaani ioni za hidrojeni. Ioni hiyo hujibandika kwenye histidini namba 146, kiungo cha mwisho kabisa katika mnyororo wa protini uitwao beta. Histidini ikishapata chaji chanya, huvutana na aspateti namba 94, kiungo kingine cha mnyororo huohuo, na kifungo hicho hulishikilia umbo linaloikataa oksijeni. Kwa hiyo oksijeni inatoka.

Kaboni dioksaidi hupitia mlango huohuo kwa sehemu kubwa. Huingia kwenye chembe nyekundu, ambako kimeng'enya huiunganisha na maji haraka sana, ikawa asidi inayotoa ioni za hidrojeni. Kiasi kidogo hujishika moja kwa moja kwenye ncha za minyororo, nacho huliimarisha umbo lilelile. Joto lina njia yake. Oksijeni inaposhikana na hemoglobini, joto hutolewa. Basi ukiongeza joto, unausukuma mwendo huo kinyumenyume.

Sasa tupige hesabu. Kipimo tunachotumia ni P50, yaani shinikizo la oksijeni ambapo nusu ya hemoglobini imejaa. Kwa pH 7.4 na nyuzi 37, ni takriban milimita 27 za zebaki. Tuseme ndani ya paja la mkimbiaji wetu pH imeshuka hadi 7.2 na joto limefika nyuzi 40. P50 inapanda hadi kama 39, asidi ikichangia zaidi kidogo kuliko joto. Shinikizo la oksijeni kwenye misuli tuliweke 20. Bila badiliko lolote, hemoglobini ingebaki na theluthi hivi ya oksijeni yake. Baada ya badiliko, inabaki na asilimia 14 tu. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha, hiyo ni karibu mililita 3.5 za ziada katika kila mililita 100 za damu, bila moyo kuongeza pigo hata moja. Hapo ndipo napapenda mno: misuli yenyewe, kwa takataka zake na joto lake, ndiyo inayodai oksijeni.

Lakini dai hili lina gharama, na sisi wa Nairobi inatugusa. Hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri ni kama 80, si 100 kama Mombasa. Damu yenye P50 ya kawaida hujaa asilimia 95 hapa. Kama ingefika mapafuni ikiwa bado na P50 ya 39, ingejaa asilimia 87 hivi hapa, na 93 Mombasa. Kwa bahati mapafu huitoa kaboni dioksaidi, asidi inapungua, na damu hupoa kidogo, kwa hiyo hasara haifiki huko kote. Ila mbio zikiwa kali na ndefu, asidi hubaki hata kwenye ateri, na ujazo hushuka kweli.

Kocha mmoja hapa mbele ameuliza kama kile kifaa cha kubana kidoleni kitamwonyesha haya. Kitaonyesha upande wa mapafu tu, maana kinasoma damu ya ateri, na mkono ukitikisika hata hapo usikiamini. Ukitaka upande wa paja, lazima damu itolewe kwenye vena ya paja, na hapo angalia sana: mashine ya gesi za damu huipasha sampuli hadi nyuzi 37. Usipoandika joto halisi la damu ili namba zirekebishwe, itakupa shinikizo la oksijeni lililo chini kuliko lile lililokuwa pajani.