Pesa Ipo Benki, Kwenye Leja Haipo: Jinsi ya Kusuluhisha Malipo ya Wateja

Karibu tena, mtazamaji. Leo tuko na hesabu za Septemba za karakana ya uchomeleaji hapa Tanzania, ya mageti na magrili. Tazama skrini: taarifa ya benki inaonyesha salio la shilingi 8,460,000, lakini leja yetu ya benki inasema 6,580,000. Makato ya benki tumeshayaingiza. Tofauti ni 1,880,000.

Hatua ya kwanza, chukua taarifa ya benki na leja, uweke tiki kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili. Hapa zimebaki pesa tatu zilizoingia benki bila tiki: 950,000, 570,000 na 360,000. Zijumlishe. Ni 1,880,000, ndiyo tofauti yetu yote, kwa hiyo tumeshajua pa kutafuta.

Usiingize chochote bado. Fungua kwanza daftari la fedha taslimu. Mara nyingi mteja amelipa benki, karani akaandika kwamba amepokea mkononi. Dalili yake ni kwamba sanduku linapungukiwa kiasi kilekile. Ukikuta hivyo, hamisha tu kutoka fedha taslimu kwenda benki. Kwetu sanduku liko sawa, tuendelee.

Sasa ile 950,000. Maelezo ya benki yana namba ya ankara, 214. Fungua orodha ya wadaiwa: ankara hiyo ipo, ya mageti mawili yaliyochukuliwa kwa mkopo mwezi Agosti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu hesabu, kwa sababu wanaona pesa imeingia, wanaandika mauzo. Mauzo yalishaandikwa Agosti, siku ankara ilipotolewa. Ukiyaandika tena, mapato yanavimba, unajitengenezea kodi ya pesa ambayo hukuipata, na mteja aliyelipa anabaki kwenye orodha ya madeni. Utampigia simu kumdai, naye ana stakabadhi ya benki mfukoni. Ingizo sahihi ni hili: debiti benki 950,000, krediti mdaiwa 950,000. Tumia tarehe iliyoko kwenye taarifa ya benki.

Ya pili, 570,000, imetoka kwa kampuni, lakini hatuna ankara ya kiasi hicho. Usikimbilie kusema wamelipa pungufu. Tafuta ankara yao iliyo wazi: ipo ya 600,000, kazi ya ufundi tu, kukarabati magrili ya ofisi yao. Piga asilimia 5 ya 600,000, unapata 30,000. Ndiyo iliyokosekana. Hiyo ni kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma; kampuni inaikata na kuipeleka TRA kwa jina lako. Kwa hiyo debiti benki 570,000, debiti kodi ya zuio 30,000, krediti mdaiwa 600,000. Deni limeisha lote. Kisha waombe cheti cha kodi ya zuio leo hii, maana bila cheti hicho utapata shida kuithibitisha 30,000 unapotaka ipunguzwe kwenye kodi yako ya mwaka.

Ya tatu ndiyo ngumu. Shilingi 360,000 imewekwa kupitia wakala, na hakuna jina la mteja. Kwenye wadaiwa hakuna ankara ya kiasi hicho, wala mbili zinazojumlika hivyo. Usikisie. Fungua akaunti uiite “Malipo Yasiyotambuliwa”, upande wa madeni ya biashara, kwa sababu pesa hii ni ya mtu. Debiti benki, krediti akaunti hiyo. Salio la benki litalingana hata kabla mwenyewe hajajulikana.

Halafu nenda tawini na tarehe, kiasi na namba ya muamala, uombe maelezo ya aliyeweka. Ukiwapigia wateja, usiulize, “Wewe ndiye uliyelipa laki tatu na sitini?” Uliza, “Samahani, kuna malipo umefanya mwezi huu? Ni kiasi gani, na uliwekea wapi?” Mwenye pesa atataja kiasi mwenyewe na kukutumia picha ya stakabadhi. Ukikitaja wewe, mtu asiyehusika anaweza kuidai.

Kwetu amepatikana: mama mmoja aliyeagiza geti la 900,000 na kutanguliza asilimia 40. Geti bado liko mezani linachomelewa, kwa hiyo haya si mauzo. Debiti Malipo Yasiyotambuliwa 360,000, krediti Malipo ya Awali ya Wateja 360,000. Siku atakapokabidhiwa geti, utatoa ankara ya 900,000, uhamishie 360,000 hiyo kwenye deni lake, abaki kudaiwa 540,000.

Rudi kwenye leja ya benki: 6,580,000 jumlisha 1,880,000 ni 8,460,000. Chapisha ukurasa wa usuluhishi, uambatanishe taarifa ya benki, picha ya stakabadhi ya yule mama, na cheti cha zuio kikifika.