Kugeuza Shati la Kawaida Kuwa la Jinzi Katika Picha: Mshono, Uzi na Mpauko

Mabibi na mabwana, mbele yenu ipo picha ya shati jeupe la pamba, limevaliwa na mtu aliyekunja kiwiko kidogo, na mwanga unamwangukia kutoka upande wa kushoto. Kazi yetu ni kuligeuza shati hilo liwe la jinzi kwa kutumia programu ya GIMP, bila kubadilisha mwili wala mkao wa aliyelivaa. Kulipaka rangi ya buluu ni kazi ya dakika chache, lakini shati litakalopatikana litakuwa la buluu tu. Ili jicho likubali kwamba ni jinzi, inatupasa kwanza tujue jinsi kitambaa chenyewe kinavyofumwa na kinavyochakaa.

Jinzi hufumwa kwa nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, zilizotiwa nili, na nyuzi za mshindio, zile zinazozikata kwa upana, zilizoachwa nyeupe. Katika mfumo ulioenea zaidi, uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio na kuzama chini ya mmoja, na kila uzi unaofuata husogeza mpango huo hatua moja, ndiyo maana upande wa nje huonekana wa buluu wenye mistari ya mshazari. Jambo la pili, ambalo ndilo msingi wa mhadhara huu, ni kwamba nili haiingii hadi kwenye kiini cha uzi. Hukaa pembezoni kama ganda, na ganda hilo likisuguliwa, weupe wa ndani hujitokeza. Kwa hiyo jinzi hupauka hasa pale inaposuguliwa, na husuguliwa pale palipoinuka.

Tuanze na vipimo. Shati letu lina urefu wa sentimita 70 kutoka kola hadi pindo, na katika picha limechukua pikseli 2,800, yaani pikseli 40 kwa kila sentimita. Jinzi yenye nyuzi 25 hivi za mtande kwa sentimita itakuwa na mistari ya mshazari ipatayo sita katika upana huo, kwa sababu mpango wake hujirudia kila baada ya nyuzi nne. Hivyo mstari mmoja huchukua pikseli sita au saba. Nasisitiza hesabu hii kwa kuwa kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni mistari minene kupita kiasi, ambayo hulifanya shati la mtu mzima lionekane kama nguo ya mwanasesere.

Kila kipande cha shati kiwe na tabaka lake la kitambaa. Kifuani mtande husimama wima, kwenye mkono hufuata urefu wa mkono, na kwenye kipande cha mabegani mara nyingi hulala, kwa sababu fundi hukikata kwa upande mwingine. Mistari ikipita moja kwa moja kutoka kifuani hadi mkononi bila kukatika, mshono wowote utakaouchora juu yake utaonekana umebandikwa. Baada ya hapo, tumia `Filters > Map > Displace` ili mistari ijipinde kufuata mikunjo, ukiipa nakala ya picha isiyo na rangi iliyolainishwa kwa `Gaussian Blur`. Pikseli tano hadi nane zinatosha, kwani ukizidisha, kitambaa kitaonekana kama kimeyeyuka.

Mishono tusiibuni. Tunafuata ile iliyomo tayari kwenye picha, kisha tunaivalisha sura ya jinzi. Ubavuni, shati la jinzi kwa kawaida hushonwa kwa mshono wa kukunjia, ambao kingo za vipande viwili hufumbatana na kushikwa kwa mistari miwili ya uzi iliyoachana milimita sita hivi, ambazo kwetu ni pikseli 24. Upande mmoja tu wa mshono huo ndio wenye ukingo uliokunjwa unaoonekana kwa nje, na hapo unahitajika mstari mwembamba wa kivuli. Chora njia kwa `Paths`, kisha uipitishie `Stroke Path` kwa mstari wa vipande vya pikseli 12, sawa na milimita tatu, na nafasi ndogo sana kati yake. Rangi ya uzi iwe ya tumbaku au ya machungwa iliyofifia. Chini ya uzi weka nakala yake nyeusi iliyosogezwa pikseli moja na kulainishwa, kwa kuwa uzi hukaa ndani ya kijibonde ulichokibana wenyewe.

Sasa tuje kwenye mpauko, ambako kazi nyingi nzuri huharibika. Mtu huangalia picha, huona sehemu zinazong'aa, na kuzipaka weupe. Sehemu inayong'aa inatuambia kitambaa kimeelekea wapi, haituambii kimeinuka kiasi gani. Mwanga wetu unatoka kushoto, kwa hiyo kila mkunjo una ubavu wa kushoto unaong'aa na ubavu wa kulia ulio gizani, na mgongo wake upo kwenye mpaka wa hayo mawili. Ukisoma picha kutoka kushoto kwenda kulia, mwanga unapogeuka giza hapo pana mgongo, na giza linapogeuka mwanga hapo pana bonde. Mpauko unakwenda kwenye mgongo, na unamwagika kidogo pande zote mbili, hata ule wa gizani.

Kwenye kiwiko cha shati letu kuna mikunjo mitatu mikubwa upande wa ndani. Nilitengeneza nakala ya kitambaa yenye rangi `8fa3bf` juu ya kile cha `2b3a5c`, nikaipa `Add Layer Mask` nyeusi, kisha nikapaka nyeupe kwenye migongo hiyo kwa brashi laini yenye `Opacity` ya 12, nikirudia mara nne au tano badala ya kupaka mara moja kwa nguvu. Mikunjo ya kifuani iliyotokana na mkao wa dakika ile sikuigusa, kwa sababu mpauko ni kumbukumbu ya mikunjo inayorudi mahali pale pale kila siku. Kingo za kola, za mifuko na za mwisho wa mikono nazo zilipauka. Kando ya mishono niliweka madoa mafupi, hafifu, yanayopishana meusi na meupe, kwani uzi hukivuta kitambaa kikajikunyata, na vile vinundu vidogo ndivyo husuguliwa kwanza.

Mpangilio wa matabaka ndio unaoamua yote. Chini kabisa kiwepo kitambaa, juu yake mpauko, kisha uzi, na juu ya vyote nakala ya shati jeupe isiyo na rangi katika hali ya `Multiply`, ambayo ndiyo tabaka letu la kivuli. Nakala hiyo ya juu isafishwe kwanza kwa `Heal` ili kuondoa vikunyanzi vyembamba, maana jinzi ni nzito na haivishiki. Mpauko ukiwekwa juu ya kivuli, utawaka ndani ya giza kama taa.

Kuna njia rahisi ya kukagua. Zima tabaka la kivuli. Shati linalobaki linapaswa kuonekana kama nguo iliyochakaa, iliyotandazwa mezani katika mwanga ulio sawa pande zote. Ukiona bado unaweza kutambua mwanga ulitoka upande gani, basi mahali fulani ulipaka mwanga ukidhani unapaka mpauko, na mahali penyewe utapaona mara moja.