Kilo zimeshuka, lakini ni mafuta au misuli? Tupige hesabu ya FFMI na FMI

Niaje wasee, chukueni simu mfungue kalkuleta. FMI ni kilo zako za mafuta ukizigawanya kwa urefu mara urefu, na FFMI ni hivyo hivyo lakini kwa kilo zisizo mafuta. Leo tunatumia namba za binamu yangu wa Umoja, amekubali. Ana urefu wa mita 1.70, Januari alikuwa na kilo 84 na mizani yake ya nyumbani ikasema mafuta ni asilimia 28.

Kwanza tafuta kilo za mafuta: 84 mara 0.28, unapata 23.5. Toa hizo kwa 84, zinabaki 60.5, hiyo ndiyo sehemu isiyo mafuta. Usiiite misuli yote bana, ndani yake kuna mifupa, maini, damu na maji mengi sana.

Sasa urefu mara urefu, 1.70 mara 1.70 ni 2.89. Tumia mita tafadhali, ukiweka 170 utapata namba ya ajabu halafu useme ni mimi nimekosea. Halafu gawanya:

```
FMI  = 23.5 / 2.89 = 8.1
FFMI = 60.5 / 2.89 = 20.9
```

Ukijumlisha unapata 29, na hiyo ndiyo BMI yake. Zisipolingana kuna mahali umebonyeza vibaya, rudi nyuma.

Aprili jamaa akaja amechangamka, amepima jimu yuko kilo 78 na mafuta asilimia 27. Tukapiga hesabu, FMI 7.3, FFMI 19.7. Yaani kati ya kilo 6 alizopoteza, mafuta ni kama 2.5 tu na 3.5 zimetoka upande wa misuli! Akanyamaza kabisa, maana kumbe alikuwa anashindia chai na ndizi moja na anakimbia kila jioni bila kuinua chuma hata siku moja.

Lakini ngoja, kuna kitu kilinisumbua. Ile mashine ya jimu si ile ya nyumbani, na hizi mashine hazioni mafuta, zinapitisha umeme kidogo mwilini halafu zinakadiria kwa fomula, kila kampuni na yake. Nikamwambia apime tena kwa mizani yake, asubuhi, ameshaenda choo, hajala wala kunywa kitu, kama alivyofanya Januari. Ikatoka kilo 79, mafuta asilimia 25:

```
FMI  = 19.75 / 2.89 = 6.8
FFMI = 59.25 / 2.89 = 20.5
```

Sasa hadithi imebadilika, mafuta yameshuka karibu kilo 4 na upande mwingine kilo 1 na kidogo, na hata hiyo moja yaweza kuwa maji tu. Wataalamu wa lishe huanza kushuku misuli imepungua FFMI ikiwa chini ya 17 kwa mwanaume au 15 kwa mwanamke, kwa hiyo yeye bado yuko mbali. Chuma ameanza wiki jana, na ndizi zimekuwa tatu na mayai juu.