Si Kasi: Sikio la Nairobi na Mapigo ya Kiingereza

Walimu wenzangu, nimepewa dakika 40 na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake, kwa hiyo silabi ni nini na shadda ni nini nitaruka. Mnafundisha hayo kila wiki.

Kuna sentensi moja iliyonichosha: "Wazungu wanaongea haraka." Wauguzi wanaojiandaa kwa mtihani wa kusikiliza kabla ya kwenda kazini ng'ambo wananiambia hivyo. Vijana wa vituo vya kupokea simu wananiambia hivyo. Hata ninyi walimu mnaniambia hivyo, tena mkiwa mmekunja uso. Si kasi! Chukua rekodi ya Kiingereza iliyokushinda, iweke kwenye simu, punguza mwendo hadi robo tatu. Maneno uliyoyasikia utayasikia vizuri zaidi. Vijineno ulivyovikosa utavikosa tena, kwa sababu irabu zake hazikutamkwa. Kilichotamkwa ni kile kimguno cha katikati ya mdomo ambacho wanaisimu hukiita shwa. Ukipunguza mwendo unapata shwa iliyorefuka, na shwa hata ukiivuta mpaka jioni haigeuki kuwa *a*.

Halafu msikilize mtangazaji wa mpira redioni akitangaza kwa Kiswahili, mchezaji akishaingia kwenye kisanduku. Huyo ndiye mwenye haraka. Kuna silabi anayoimeza? Hakuna. Irabu zetu ni tano, na kila moja hupata haki yake iwe na shadda au isiwe nayo. Ndiyo maana humkosi.

Sasa kisa. Wengine mmekisikia kwangu, vumilieni. Nitaandika Kiingereza ubaoni kwa tahajia yetu, kwa sababu tahajia yao ndiyo iliyotudanganya tangu darasa la kwanza. Herufi kubwa ni pigo, yaani silabi yenye nguvu.

Binti mmoja yuko kazini katika kituo cha simu hapa Nairobi. Mteja yuko Marekani, mzigo wake haujafika, anataka pesa zake. Binti anaangalia kompyuta, anaona inawezekana, anamjibu kwa furaha kwamba anaweza kuzirudisha leo:

"AI KAN RI-FAND IT TU-DEI."

Mteja anajibu: "WAI NOT?"

Binti anaelewa kwamba mzee amekubali kwa uchangamfu, kama mtu anayesema "kwa nini isiwe hivyo!" Anamjibu, "Yes, sir!" Kimya kidogo. Mteja anauliza tena, sasa sauti imepanda: "Sou yu KAAN ri-FAND it?" Binti anasema, "Yes." Mteja anaomba kuongea na mkubwa wake.

Mnacheka, lakini yule binti hakucheka. Aliandikiwa kwamba hajui kuzungumza na wateja, ilhali sarufi yake haikuwa na doa na sauti yake ilikuwa safi. Wote wawili walisikia kila kilichosemwa. Tufungue hapo, maana hapo ndipo somo lote lilipo.

Mmarekani au Mwingereza anapokubali kwamba anaweza, kwa kawaida kile kijineno cha kuweza hakipati pigo. Husema "ai-kn-SEND-it". Irabu imetoweka, imebaki *kn*. Anapokataa, kijineno hichohicho hupata pigo na irabu kamili: "ai-KAANT-SEND-it". Ile *t* ya mwisho ndiyo tuliyofundishwa kwamba inabeba ukanushi. Lakini inapofuatwa na konsonanti nyingine mara nyingi haiachiliwi. Hewa inakatwa kooni na hakuna kinachosikika. Kwa hiyo mwenye lugha yake hasubiri *t*. Anachopima ni irabu. Ikififia, ni ndiyo. Ikijaa, ni la.

Sasa mrudieni binti. Alikubali kwa irabu iliyojaa, kama sisi sote tunavyofanya, na sikio la mteja likaandika "la". Swali la "kwa nini haiwezekani" likafuata kama kawaida. Mteja naye alipouliza "kwa hiyo huwezi?", *t* yake ikapotelea mbele ya *r*, na kilichobaki kikafika Nairobi kikiwa kimefanana kabisa na kukubali kwa binti. Akaitikia. Kosa hilohilo limekwenda na kurudi. (Habari ya kuitikia "yes" swali la kukanusha, ambayo nayo inatutenganisha na wenzetu, ni mhadhara mwingine, msinichokoze.)

Naona mwalimu pale nyuma anataka kusema: basi binti angerudia polepole na kwa mkazo. Mwalimu wangu, hiyo ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Ukikaza neno unaijaza irabu zaidi, na kwa sikio la yule mzee unazidi kukataa. Cha kufanya ni kuachana na neno lenyewe. Mwambie "utapata pesa leo". Ukitaka kukataa, tumia umbo refu la "kanot" lenye silabi mbili, au "aneibol". Marubani walishaliona hili: katika maneno rasmi ya redio za ndege, rubani asiyeweza kutekeleza agizo husema "aneibol". Uhai wa abiria haukabidhiwi *t* moja.

Kwa nini basi sikio hufanya hivi? Miaka ya 1980 mtafiti wa usikilizaji wa lugha, Anne Cutler, alilifuatilia jambo hili, na nitawapa jaribio moja tu, alilofanya na Dennis Norris likachapishwa mwaka 1988. Wasikilizaji wenye Kiingereza chao walipewa maneno ya uongo na kuambiwa wabonyeze kitufe wakisikia neno la kweli limejificha mwanzoni. Neno "mint", lile la mnanaa, lilifichwa katika "MIN-tif", ambapo silabi ya pili ni hafifu, na katika "MIN-TEIV", ambapo silabi zote mbili zina nguvu. Katika lile la pili walichelewa. Sababu ni kwamba sikio lao likikutana na silabi yenye nguvu hukata hapo na kudhani neno jipya limeanza. Likakata "min", likakata "teiv", na "mint" ikabaki imepasuka katikati, ikabidi waiunge upya. Wala mbinu hiyo si ya kijinga. Katika mazungumzo ya Kiingereza, takriban maneno tisa kati ya kumi yenye maana kamili, yaani nomino, vitenzi na wenzao, huanza na silabi yenye nguvu.

Sikio la Mswahili halikulelewa hivyo. Kwetu shadda hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi yenye nguvu inatuambia kwamba neno linakaribia kwisha. Kwao inaashiria mwanzo. Tena tunangoja kila silabi ijitokeze na irabu yake. Tukipelekewa mkondo ambamo nusu ya silabi ni *kn* na *t'* na *v*, hatuna pa kukata, na mwisho tunasema mtu ana haraka.

Lazima niseme neno kuhusu ule mfano unaolinganisha mdundo wa lugha za aina yetu na bunduki ya rashasha, na ule wa Kiingereza na simu ya maandishi ya Morse. Ni wa mwanafonetiki Arthur Lloyd James, mwaka 1940. Miaka mitano baadaye mwanaisimu Kenneth Pike ndiye aliyezipa aina hizi mbili majina tunayotumia, mapigo ya silabi na mapigo ya shadda. Mfano huo umetuponza. Umewafanya walimu waamini kwamba katika Kiingereza muda kati ya pigo na pigo ni sawa kama wa saa ya ukutani, na wanafunzi wanapigishwa meza mpaka darasa la jirani linalalamika. Watu wamepima. Peter Roach alichapisha vipimo vya lugha sita mwaka 1982 na hakuukuta usawa huo. Rebecca Dauer, mwaka uliofuata, akaeleza kwamba tofauti tunayoisikia inatokana na muundo: lugha inaruhusu silabi nzito kiasi gani, na je, inazififisha irabu zisizo na shadda? Kiswahili silabi zake nyingi ni nyepesi na hakififishi. Kiingereza cha Uingereza na Marekani hurundika konsonanti na kufifisha bila huruma. Lugha nyingi ziko katikati. Basi, acheni meza.

"Kwa hiyo unataka tuongee kama wao?" Kila mara huulizwa, na kwa hasira. Sitaki. Kiingereza chetu cha Kenya kinajaza irabu, tunaelewana nacho kutoka Kisumu hadi Kampala, na mgeni akikaa wiki mbili anakizoea. Ninachotaka ni sikio. Kutamka hivyo ni hiari yako. Kusikia ndiko kunakopimwa katika mtihani wa wauguzi na kwenye simu ya mteja.

Darasani fanyeni hivi. Tafuta rekodi ya sekunde kumi, si zaidi. Mara ya kwanza mwanafunzi aandike silabi zenye nguvu tu na aache mapengo. Tuseme amepata "... SEND ... MAN...". Mara ya pili asijaribu kuyasikia mapengo. Ayajaze kwa sarufi. Nani anatuma? Anatuma nini? Kabla ya jina la siku huwa kunakaa nini? Aandike anachodhani, "ai kn send it t'yu on Mandei", ndipo asikilize mara ya tatu kuthibitisha. Hapo ndipo ataanza kuisikia ile *kn*, kwa sababu sasa anajua anachokitafuta. Halafu mpe sentensi ileile ikiwa imekanushwa, bila kumwambia, na umuulize swali moja tu: mapigo ni mangapi? Mawili, anakubali. Matatu, anakataa. Wanafunzi wangu wanaoanguka hapa karibu wote ni wale wanaoendelea kuwinda *t*.

Mwenyekiti amesimama. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu wageni wanaojifunza Kiswahili; nitaitaja kwa mbio. Shida yao ni hii ikigeuzwa. Wanapata "wa-TO-to wa-na-CHE-za", sikio linakata kwenye silabi zenye nguvu, linapata "TOTOWANA" na "CHEZA", na "wa" ya mwanzo inaachwa yatima. Kwa kuwa sisi kwa kawaida huweka nafsi, wakati na ukanushi mbele ya shina, kwenye silabi zisizo na shadda, mgeni huyo anajua kuna kucheza na hajui nani, lini, wala kama kweli kulichezwa. Ukimwambia "hawakucheza" anatabasamu na kusema "vizuri sana".

Walimu wa Kiswahili mnaofundisha wageni mnisubiri pale mlangoni, nina rekodi za kuwapa.