Doa la utomvu wa ndizi: rangi inayojitengeneza juu ya nguo

Wazazi wenzangu, na ninyi mafundi wa kufua mliofika, shikamooni kwa wakubwa, habari za mchana kwa wengine.

Nianze na jambo ambalo kila aliyekata mkungu amelishuhudia. Utomvu unapodondoka kwenye shati jeupe la pamba hauonekani. Ni maji maji tu, yakikauka unadhani yamekwisha. Kesho yake doa ni la kahawia. Halikutoka mgombani na rangi hiyo. Utomvu una tanini na viini vya jamii yake, na ndani yake, kama ndani ya ndizi yenyewe, mna kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko. Hewa ikivigusa, kimeng'enya hicho huviunganisha na oksijeni na kuvigeuza kuwa rangi. Ndiyo sababu hata ndizi mbichi ukiimenya na kuiacha nje ya maji huwa nyeusi. Kwenye pamba rangi hiyo huundwa ndani ya nyuzi, ikang'ang'ania humo humo.

Kwa hiyo saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Suuza kwa maji baridi mengi, ukiyapitisha kutoka upande wa nyuma wa kitambaa, kisha kamulia ndimu. Asidi hukidhoofisha kimeng'enya, na vitamini C ya ndimu huzuia rangi isiundwe. Iache dakika chache, suuza, ndipo ufue.

Wengi wetu tunakimbilia sabuni ya mche na maji ya moto, halafu tunapiga pasi. Sabuni ya mche ina ukali wa magadi, na tanini ikikutana na magadi huzidi kuwa nyeusi. Joto nalo huharakisha rangi kukaa. Mama anafikicha mpaka kitambaa kinachakaa, doa lipo palepale.

Sasa tuchukue shati la sare, jeupe, pamba tupu, ambalo limeshafuliwa kwa sabuni hiyo na doa lina siku mbili. Lipime kwanza: dondosha tone la ndimu pembeni mwa doa. Likipauka kidogo, ni rangi ya tanini na lina dawa. Suuza ndimu yote itoke. Tafuta unga wa kutoa madoa wenye oksijeni, ule ambao kwenye pakiti umeandikwa sodiamu pakaboneti. Weka vijiko viwili vya chakula kwenye lita nne za maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, koroga mpaka uyeyuke, zamisha shati lote na uliache kwa muda wa saa sita au usiku kucha. Usiufunge mchanganyiko huo kwenye chupa wala ndoo yenye kifuniko cha kubana, maana hewa inayotoka inaweza kuipasua.

Angalia asubuhi. Doa likitoka kahawia likawa njano, dawa imefanya kazi. Mwaga, tengeneza maji mapya, rudia. Ya jana nguvu yake imekwisha. Ukirudia mara mbili bila badiliko lolote, ongezeko la kufikicha halitasaidia.

Ila doa likiwa la kijivu au jeusi, hasa lililopitiwa na kisu au kando ya kifungo cha chuma, hapo tanini imeshikana na madini ya chuma. Hilo linataka asidi: ndimu na chumvi, au mbirimbi kama mnazo, kisha lianike juani lingali na unyevu na ulisuuze vizuri.

Kuhusu jiki, inang'arisha, lakini ikikaa kali hula pamba. Na naomba mnisikilize hapa: usiichanganye kamwe na ndimu wala siki, kwani hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Usiiweke pamoja na unga wa oksijeni pia.

Embe lina hila yake. Ukivunja kikonyo, utomvu unaochuruzika una mafuta na ulimbo, ndiyo maana maji hupita juu yake tu, na ukigusa ngozi unaunguza. Nawa mikono kwanza. Nguo itandaze doa likiangalia chini juu ya kitambaa kikavu, gonga taratibu kwa pamba yenye spiriti kutoka nyuma, mbali na moto, ukihamisha kitambaa cha chini kila kinapolowa. Usisugue, utautandaza. Mafuta yakishatoka osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, ndipo uingie kwenye unga wa oksijeni kama tulivyofanya kwa ndizi.

Kwa kitenge na nguo zozote za rangi, jaribu dawa kwenye upindo wa ndani na usubiri nusu saa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe unachokibonyezea hapo, ishia kwenye maji, ndimu na sabuni laini. Afadhali doa lipungue kuliko ubaki na duara jeupe katikati ya maua.